Mdogo wangu anarudi shule baada ya miaka 7. Nimpe methali zipi?

Shikamoo Mwalimu,

Mdogo wangu ana miaka 23. Aliacha shule akiwa na miaka 16, mama yetu alipougua, akabaki nyumbani kumuuguza mpaka mama alipofariki mwaka jana. Wiki tatu zijazo anarudi darasani, atakaa na watoto wa miaka 15 na 16. Kurudi ni uamuzi wake mwenyewe, lakini kadiri siku inavyokaribia ndivyo anavyozidi kunyamaza.

Nimemwandalia kijitabu cha methali 30, moja kwa kila siku ya mwezi wa kwanza. Juzi nikamsomea chache. Nilipofika kwenye "Samaki mkunje angali mbichi", nikiwa na maana kwamba bado ni kijana, aliniambia "asante dada", akaingia chumbani na hakutoka mpaka asubuhi. Tangu siku hiyo naogopa kukifungua kijitabu mbele yake. Mimi si msomi, na maneno ndiyo zawadi pekee niliyo nayo. Nimpe yapi, na nimpe vipi?

Dada Mkubwa

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana nyote wawili kwa kuondokewa na mama.

Tuanze na huyo samaki, maana hapo ndipo palipouma. Methali hiyo ni ya walezi. Mtu mzima humwambia mtu mzima mwenzake: mrekebishe mtoto mapema, kwa kuwa samaki akishakauka, ukimkunja atavunjika. Wewe ulishika neno "mbichi" ukafurahi nalo. Mdogo wako aliisikia methali nzima, akajitafuta ndani yake, na akajikuta ni yule samaki aliyekwisha kukauka. Hakukosea kusikia. Kwa msichana wa miaka 23 anayekwenda kukaa na watoto wa miaka 15, methali hiyo inasema kwamba wakati wa kukunjwa umempita.

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na wengi wa wanafunzi wangu walikuwa watu waliorudi masomoni ukubwani. Nao ndio walionifundisha kipimo ninachokitumia hadi leo. Kabla hujampa mtu methali, mtie ndani yake uone anakaa wapi. Kila methali ni picha. Kuna anayetenda, kuna anayetendwa, na mara nyingi kuna anayetazama pembeni na kuhukumu. Mtu aliye dhaifu moyoni hajiulizi maana ya jumla. Anaiingia picha ile mara moja na kukaa mahali anapodhani ni pake. Kama mahali hapo ni pa kitu kilichoharibika, umemuumiza, hata kama nia ni njema kama ilivyokuwa yako.

Sijakiona kijitabu chako, lakini naweza kukisia baadhi ya zilizomo, kwa sababu ndizo zinazotujia wote tukifikiria shule na umri. "Udongo uwahi ungali maji": hapo yeye ni udongo uliokwisha kuwa mgumu. "Nyota njema huonekana asubuhi": asubuhi yake ilipita akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa. "Ngoja ngoja huumiza matumbo": kana kwamba alikuwa akingoja kwa uvivu. "Majuto ni mjukuu" hata usiifikirie. Huyu hana la kujutia. Alimuuguza mama yake, na ukimletea neno majuto utamfanya aanze kuitazama miaka ile kama kosa. Chukua kalamu uzikate zote hizo. Usizibakize eti utazieleza vizuri. Methali inayohitaji kuelezwa ili isiume huwa imekwisha kuuma.

Kuna kundi la pili ambalo ni gumu zaidi kulitambua, kwa sababu lina sura nzuri. "Elimu ni bahari" na "Elimu haina mwisho" huandikwa kwenye kuta za madarasa, na kwa mtu aliyefika mbali katika masomo ni maneno ya kumnyenyekesha. Lakini mtie mdogo wako ndani yake. Wiki ya kwanza atapewa vitabu vya masomo yote kwa mpigo, avione vimerundikana mezani, halafu wewe umwambie kwamba hiyo ni bahari na haina mwisho. Utakuwa umemwonyesha maji ya kuzama. Anachohitaji kusikia ni kinyume chake, na lugha yetu inacho: "Hakuna marefu yasiyo na ncha." Yaani hata liwe refu vipi, lina mahali linapoishia. Mpe hiyo siku atakayoleta vitabu nyumbani, kisha mkae mfungue kila kitabu kwenye ukurasa wa mwisho muone namba yake. Kitabu cha kurasa 180 ni kirefu, lakini ncha yake mmeiona kwa macho.

"Mvumilivu hula mbivu" nayo ningeiacha. Ni ya kweli na ni tamu, ila huyu binti amevumilia miaka 7. Nadhani aliambiwa avumilie na kila aliyekuja kumtazama mgonjwa. Ukimwambia tena avumilie, utakuwa unairudisha shule kwenye chumba kile kile cha ugonjwa.

Sasa nikupe ile ambayo ningeiweka mbele ya zote: "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Watu wengi wanaijua bila kuitazama kwa makini, basi itazame pamoja nami. Mhunzi hawezi kushika chuma chekundu kwa mkono. Anakishika kwa koleo, anakilaza juu ya fuawe, anapiga nyundo. Koleo likivunjika, kazi ya siku hiyo imesimama kweli. Methali haikatai jambo hilo, wala haisemi kwamba koleo halikuvunjika au kwamba kuvunjika kwake ni kitu kidogo. Inachosema ni kwamba uhunzi haukuwa ndani ya koleo. Uhunzi umo mikononi mwa mhunzi, katika jicho linalojua chuma kimeiva kiasi gani, na katika mkono unaojua nyundo itue wapi. Mhunzi atatafuta koleo jingine, na huenda akalifua yeye mwenyewe.

Mtie mdogo wako ndani uone anakaa wapi. Yeye ni mhunzi. Si chuma wala koleo, ni fundi ambaye chombo chake kilivunjika. Ndiyo maana nimeiona methali hii ikiwainua watu ambao zile nyingine ziliwalaza.

Lakini usiimwage tu na kuondoka. Mwonyeshe uhunzi uliobaki, na huo wewe unaujua kuliko mimi, kwa kuwa mlikuwa nyumba moja. Kuuguza mtu kwa miaka mingi ni kazi ya kusoma na kuhesabu. Nani alikuwa akisoma maandishi madogo kwenye pakiti za dawa? Nani alijua vidonge vilivyobaki vitafika kliniki ijayo au havifiki? Daktari akisema nusu kidonge mara 3 kwa siku kwa siku 14, mtu anayeuguza anajua bila kuuliza kwamba anahitaji vidonge 21. Hiyo ni hesabu ya sehemu, ile ile iliyomo kwenye kitabu cha hisabati, na ameifanya miaka yote hiyo mahali ambapo kukosea hakukuruhusiwa. Mkumbushe kwa mfano mmoja wa kweli ulioushuhudia, kisha utaje koleo. Methali bila mfano wa maisha yake mwenyewe itapita tu juu ya kichwa chake.

Na usiipe methali kazi isiyo yake. Haitamrudishia kanuni za aljebra alizosahau, wala haitampa kasi ya kuandika. Mkono uliokaa miaka 7 bila kuandika insha huchoka baada ya ukurasa mmoja, vidole vinauma, na herufi zinaanza kulala. Jambo hilo huwashangaza wengi siku ya kwanza, wakadhani ni akili iliyogoma, kumbe ni misuli ya vidole. Mna wiki tatu. Aanze leo kunakili ukurasa mmoja kila siku kutoka kitabu chochote anachokipenda, kwa kalamu, akiwa ameketi mezani. Ukimwambia hivyo utamsaidia kuliko methali kumi.

Nikueleze sasa kisa cha mwanafunzi wangu mmoja, kwa sababu kitakuonyesha methali inapofanya kazi na inaposhindwa. Alirudi akiwa na miaka 26, baada ya miaka 9 nje ya shule. Mtihani wa kwanza wa hisabati alipata 19 kati ya 50. Hisabati si somo langu, ila aliniletea karatasi kwa kuwa alikuwa amekwisha kuamua kuacha na alitaka kuniaga. Mimi nikachukua kalamu nikaandika juu ya karatasi yake: "Kupotea njia ndiko kujua njia." Nilidhani nimefanya la maana. Aliisoma, akaniangalia, akaniuliza: "Sawa Mwalimu. Nimepotea wapi?"

Sikuwa na jibu. Na alikuwa na haki kabisa ya kuuliza, maana methali ile inadai kitu. Aliyepotea hujifunza njia pale tu anaporudi nyuma akatambua ni kwenye panda ipi alikunja vibaya. Asipojua panda ile, kesho atapotea hapo hapo. Tukakaa na karatasi, tukahesabu alama 31 alizokosa, moja moja. Maswali 6 ya kujumlisha sehemu, alama 3 kila moja, yote aliyakosa, na yote kwa kosa lile lile. Alijumlisha namba za juu kwa za juu, na za chini kwa za chini, hivyo 1/2 + 1/3 kwake ikawa 2/5. Hapo zilikwenda alama 18. Ukurasa wa mwisho hakuugusa kwa sababu muda ulimwishia, alama 8. Zilizobaki, alama 5, ndizo pekee za mambo ambayo kweli hakuyajua.

Nikamuuliza: ukiwa na nusu ya mkate ukaongezewa kipande, unaweza kubaki na pungufu ya nusu? Akacheka. Maana 2/5 ni ndogo kuliko 1/2, na alikuwa ameandika hivyo mara sita bila kuitazama. Mwalimu wake wa hisabati akamwonyesha njia ya kuzigeuza ziwe za aina moja kwanza, 3/6 + 2/6, jibu 5/6. Mtihani uliofuata alipata 34. Ndipo akaniletea karatasi mpya, na juu yake alikuwa ameandika kwa mkono wake ile methali niliyomwandikia mimi mara ya kwanza. Hapo ikawa yake.

Basi hiyo ya kupotea njia usimpe sasa. Iweke mpaka siku ya karatasi ya kwanza yenye alama mbaya, ambayo huja kwa karibu kila anayerudi. Na siku hiyo usitangulize methali. Tanguliza kuketi naye na kuhesabu: alama ngapi zimekwenda kwa kosa linalojirudia, ngapi kwa muda kuisha, ngapi kwa kutojua. Huhitaji kuwa msomi kwa kazi hiyo, yeye mwenyewe atakusomea alama na wewe utaandika. Mkimaliza, sema methali. Ukiitanguliza itasikika kama unamfunika kinywa.

Suala la kukaa na wadogo lina methali yake, nayo inahitaji uangalifu: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Mvungu ni ile nafasi iliyo chini ya kitanda. Kitu kikidondoka huko, hakuna mtu mzima wala mtoto anayekipata akiwa amesimama wima. Picha hii naipenda kwa sababu kuinama kunatoka kwa anayetaka. Hakuna aliyemsukuma. Anajua alichokidondosha na anajua kiko wapi. Siku atakapolazimika kumwomba mtoto wa miaka 15 amweleze jinsi ya kuchora grafu, methali hii inamweka mahali pazuri.

Ila isitoke kinywani mwako kwanza. Mtu aliyesimama akimwambia mwingine "inama", hata kwa upendo, inasikika kama amri. Ingekuwa vizuri uanze na yako wewe, umsimulie siku uliyoinama kwa mtu mdogo kwako ili upate unachokitaka, kazini au popote, na methali uitumie juu yako mwenyewe. Muda wake ukifika ataichukua. Kwa sababu hiyo hiyo siipendi sana "Kuuliza si ujinga" kwa mtu wa hali yake. Ni maneno mema, lakini sikio lenye aibu hushika neno la mwisho tu.

Baada ya hapo kuna kipindi ambacho ndugu wengi hawakitarajii. Siku ya kwanza kila mtu anapiga simu, kila mtu anatia moyo. Kinachowarudisha watu nyumbani ni wiki ya tano, ya sita, ya saba, pale shule inapokuwa kitu cha kawaida, simu zimekwisha, uchovu umejaa, na matokeo bado hayaonekani. Ukiwa na methali moja tu ya kuhifadhi kwa ajili ya baadaye, hifadhi hii: "Papo kwa papo kamba hukata jiwe."

Ni picha ya mdomo wa kisima. Kamba inapanda na kushuka juu ya jiwe kila ndoo inapovutwa, na baada ya muda jiwe linakuwa na mfereji. Wengi wakiitaja husisitiza kamba na jiwe, laini na gumu. Nguvu ya methali iko kwenye "papo kwa papo", yaani pale pale. Kamba hiyo hiyo ingevutwa leo upande huu, kesho upande ule, jiwe lisingeonyesha hata alama. Kwa hiyo ndani yake kuna maelekezo ya kazi: saa ile ile, meza ile ile, somo gumu lile lile, kila siku, hata kwa muda mfupi. Nusu saa kila jioni kwa siku 5 ni saa mbili na nusu za somo moja kwa wiki. Nimeona wanafunzi waliokaa saa nne mfululizo siku ya mapumziko wakaondoka na kichwa kinachouma, na wengine wa nusu saa ya kila siku wakawapita. Ukiona jioni zake zimeanza kutawanyika, leo kitandani, kesho hakusoma, keshokutwa saa sita usiku, hapo ndipo pa kumtajia kamba. Naye ataelewa unasema nini bila kumgombeza.

Unaweza kuiambatanisha na "Haba na haba hujaza kibaba", lakini kumbuka kwamba kibaba ni kipimo kidogo, robo ya pishi. Hata waliotunga methali hawakusema haba na haba hujaza ghala. Walichagua chombo ambacho mtu anaweza kukiona kikijaa. Basi naye apate kibaba chake: mada moja, sura moja, kitu kinachoweza kujaa ndani ya wiki mbili akakiona kimejaa.

Kuhusu maneno ya watu sina mengi. Yatakuwepo. "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji" inatosha, na ina uzuri wa kumwacha chura aendelee kupiga kelele bila kujibiwa. Imtoshe na wewe pia, maana ndugu ndio hupenda kwenda kujibu.

Nakuja kwenye namna ya kumpa. Methali zetu nyingi zina pande mbili, na tangu zamani mmoja huanza na mwingine humalizia. Mwalimu anasema "Haba na haba", darasa linaitikia "hujaza kibaba". Watu hudhani ni mchezo wa watoto, lakini kwa mtu aliyevunjika moyo ndiyo njia iliyo salama kuliko zote. Ukimsomea methali nzima, unamhubiria na yeye anabaki kupokea. Ukisema "Kuvunjika kwa koleo..." kisha ukanyamaza, unamwachia nafasi ya kuchagua. Akiwa tayari, atamalizia, na maneno ya nguvu yatatoka kinywani mwake mwenyewe. Akiwa hayuko tayari, atanyamaza tu, na hakuna aliyeaibika. Usimmalizie. Endeleeni na mlilokuwa mkilifanya.

Dalili za kwamba neno limeingia au limegota ni rahisi kuziona. Umekwisha kuiona moja: "asante dada", halafu mlango. Shukrani fupi na mtu kuondoka ni ishara kwamba amejikuta mahali pabaya ndani ya picha. Akikubishia, furahi, kwa sababu anayebisha bado yumo ndani ya mazungumzo. Na siku utakayosikia anaitumia methali juu ya jambo jingine kabisa, kiatu kimekatika kamba naye anasema kuvunjika kwa koleo, ujue imekaa.

Na usiseme lolote mbele ya watu. Methali ya kumtia mtu moyo ikisemwa mezani mbele ya wageni, kila anayesikia anakumbushwa kwamba kuna mtu hapa anayehitaji kutiwa moyo.

Kijitabu cha methali 30 basi kiache. Najua umekitolea jasho na sisemi ukitupe. Kiweke kwako, utachota humo kwa miaka. Lakini methali moja kila siku huwa kama saa ya ukutani, mtu anaacha kuisikia baada ya wiki. Yeye mpe nne tu, kila moja kwa siku yake: koleo kabla hajaanza, marefu yasiyo na ncha siku ya vitabu, kupotea njia siku ya karatasi mbaya, kamba na jiwe wiki ya sita. Ya mvunguni ni yako wewe kuisimulia.

Bado mnazo wiki tatu, na kuna kimya kati yenu tangu usiku ule wa samaki. Kivunje kwanza. Mwambie tu kwamba uliitumia vibaya, kwamba hukuwa umeitazama vizuri, na kwamba hukuwa na maana ya kumwambia amechelewa. Usimpe methali nyingine hapo hapo kama fidia. Siku chache baadaye mnunulie daftari jipya la kunakilia zile kurasa za kuuzoesha mkono. Juu ya ukurasa wa kwanza andika "Kuvunjika kwa koleo", uache mstari uliobaki mtupu, umwekee mezani pamoja na kalamu.